Kabla ya Kununua Kochi, Tulikusanya Picha



Tunaishi Laini Saba, katika Kibera ya Nairobi, mbali na bahari tuliyozaliwa karibu nayo. Wazee wa hapa husimulia kwamba jina hili lilitokana na laini za shabaha ambamo askari wa jeshi la Waingereza walifanyia mazoezi ya bunduki, na kwamba askari hao, Wanubi kutoka Sudani, ndio waliolima na kujenga hapa mwanzo wa karne iliyopita. Sisi tulikuja baadaye sana, tukapanga chumba kimoja chenye futi kumi kwa kumi, kuta zake za udongo uliopakwa saruji nyembamba, paa lake la mabati, dirisha lake moja dogo lenye kutazama uchochoro. Ndani yake twaishi wanne: baba, mama, binti yetu mkubwa, na mama mkwe aliyezaliwa Lamu.

Mwaka uliopita tulipata habari za kheri. Watu wa kijana mmoja walileta ujumbe kwamba baada ya Idi Kubwa wangependa kuja kumposa binti yetu. Tukamshukuru Mola, kisha tukatazamana. Binti yetu, ambaye miaka yote ya masomo hakuwahi kumleta rafiki hata mmoja nyumbani, alisema kwa sauti ya chini, "Mama, watakaa wapi?" Zamu yetu ya mchezo wa fedha ilikuwa imekaribia, shilingi 24,000, na nia yetu ilikuwa kununua seti ya makochi. Tulikwisha hata kuagiza bei kwa mafundi wa Gikomba.

Lililotuzuia ni swali la mama mkwe. Aliuliza, "Makochi hayo mwayapenda, au mwayaona kila nyumba?" Hatukuwa na jibu. Tangu tuoane hatukuwahi kuchagua kitu cha nyumba kwa kukipenda. Vyote tulipewa, au tulivikuta kwa bei nafuu. Ndipo binti yetu akatuambia njia aliyofunzwa na mwalimu wake wa ushoni: mtu asiyejua apendacho asiulizwe kwa maneno, bali akusanye picha nyingi za vitu vilivyomvutia, kisha atafute ndani yake kile kinachojirudia. Mdomo husema yale uliyoyasikia, lakini jicho lina chaguo lake.

Tulijipa wiki sita. Sharti la kwanza lilikuwa kukusanya bila kuhukumu. Hapakuruhusiwa kusema "hii ni ghali" wala "hii haitaenea kwetu." Picha ikikusimamisha, ichukue. Sharti la pili lilikuwa kila mtu akusanye peke yake na aweke alama yake kwa kalamu, ili mwenye sauti kubwa asiwachagulie wengine. Magazeti ya zamani tuliyapata kwa wauza vitabu vya mitumba karibu na soko la Toi. Nyingine binti alizihifadhi katika simu, na kwa kuwa kuchapisha kila moja kungetugharimu, alichora umbo lake kwa penseli katika kikaratasi na kuandika rangi pembeni. Nyingine hazikuwa picha za nyumba kabisa: kipande cha leso, karatasi ya halua, picha ya harusi ya shangazi ya miaka mingi. Zote tulizigandisha kwa uji wa unga katika daftari kubwa la shule, upande mmoja tu wa kila ukurasa, tukauacha upande wa pili mtupu kwa ajili ya maandishi.

Wiki sita zilipokwisha zilikuwa picha 46. Binti alileta 17, mama 12, baba 9, na mama mkwe 8.

Hapo tulifanya kosa ambalo twaamini wengi hulifanya. Tulizipanga kwa aina ya chumba: sebule huku, vyumba vya kulala kule, majiko kule. Tulikaa jioni nzima na hatukujifunza lolote, isipokuwa kwamba tulipenda sebule. Mpango huo hukuambia picha ni ya nini, na sisi tulitaka kujua kwa nini tuliichukua.

Jioni ya pili tulibadili. Kila mwenye picha alifunuliwa ukurasa wake kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha daftari likafungwa, naye akataja kitu cha kwanza ambacho jicho lake lilikitua. Jibu hilo liliandikwa upande ule mtupu kwa maneno yasiyozidi matatu, wala halikubaliki neno kama "zuri" au "nadhifu", kwa sababu halitaji kitu. Tuliandika "sakafu wazi", "ukuta mweupe", "mkeka ukutani", "nyekundu moja", "mwanga wa mlangoni." Kazi hii ilituchukua jioni mbili, na ndiyo kiini cha njia yote.

Kabla ya kuhesabu tuliondoa picha za uongo. Za kwanza zilikuwa za baba. Kati ya picha zake 9, 7 zilitoka katika gazeti moja, na tulipozitazama vyema zote zilikuwa za nyumba ile ile iliyopigwa pande mbalimbali. Baba alikiri kwamba alichoka, akakata kurasa zilizofuatana. Saba za namna hiyo ni ushahidi wa mtu mmoja aliyerudiarudia, si mashahidi saba, hivyo tulibakisha moja. Simu nayo ina hila ya jinsi hiyo: ukiigusa picha moja ya pazia la kijani, hukuletea nyingine kumi za kijani, nawe ukadhani kijani ni tabia yako. Dawa yake ni kuchota kutoka visima vingi.

Picha za uongo za aina ya pili tulizitambua kwa kidole gumba. Nyingi zilikuwa na madirisha mapana yenye kuonyesha bahari au bustani. Tulilifunika dirisha kwa kidole, kisha tukaiuliza nafsi, je, twaipenda bado? Picha 9 zilikufa pale pale. Tulizozipenda ni bahari na nafasi, na hayo fundi hawezi kuyaleta Laini Saba. Zilibaki 31.

Tukahesabu yaliyoandikwa nyuma yake. Sakafu iliyo wazi katikati ilitajwa au kuonekana katika picha 24. Ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa, 22. Kitu kilichosukwa au kufumwa, kikiwa kimetundikwa ukutani, 17. Rangi nyekundu iliyoiva, kama ya zao la komamanga, ikiwa peke yake penye weupe mwingi, 15. Na makochi? Yalionekana katika picha 5 tu, na katika hizo 5 ni moja tu ambamo mtu aliandika neno "kochi." Tulikuwa tunataka kutoa shilingi 24,000 kununua kitu ambacho macho manne ya nyumba hii yalikuwa yamekipita bila kukisalimu.

Kisha tukafanya zoezi la kinyume. Kila mmoja alichagua katika magazeti yale picha tatu zilizomkera. Hapa palituuma. Zilikuwa ni picha za vyumba vilivyojaa vitambaa: kitambaa juu ya meza, juu ya redio, mgongoni na mikononi mwa kila kiti, na pazia la pindo nyingi mlangoni. Kilikuwa chumba chetu chenyewe. Na vitambaa vya chumba chetu, 14 kwa idadi, vyote vilifumwa kwa sindano na mkono wa mama mkwe.

Tulinyamaza, kwani hakuna aliyetaka kumvunjia heshima mama yetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelivunja lile kimya. Akalivuta daftari, akatazama picha za kukera, akacheka. "Viti vile vilichanika mwaka wa kwanza," alisema. "Nilikuwa naficha, sikuwa napamba." Neno lile lilitufungua macho kuliko hesabu zote. Tangu siku ile, tukiona kitu ndani ya nyumba, twajiuliza kwanza kama kinapamba au kinaficha. Kinachoficha kina haja nyuma yake, na haja ile ndiyo ya kutengenezwa. Ukikiondoa bila kuitengeneza haja, utakirudisha kesho.

Katika picha 8 za mama mkwe mlikuwa na mbili ambazo tungependa kuzieleza, kwa sababu ndizo zilizotuonyesha la kufanya. Ya kwanza ilikuwa ya ukuta katika nyumba ya jirani yetu Mnubi, upande wa Makina, ambaye alituruhusu kuipiga. Ilionyesha kawa tatu za kufunikia chakula, zile ambazo wanawake wa Kinubi huzisuka kwa rangi nyingi kali, zikitundikwa ukutani zisipokuwa kazini. Ya pili ilikuwa ya Nyumba ya Waswahili ya Lamu, ile ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilionyesha ndani, chumba cha faragha, na ukuta wake wa zidaka, yaani yale matundu ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu, ambamo akina bibi waliweka sahani na mabakuli ya Kichina.

Tulidhani picha ya Lamu ingekufa kwa kidole gumba, kwa kuwa ile ni nyumba ya matajiri. Mama mkwe akatukanya. Alituambia tutazame upana. Vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali: upana wa chumba hauzidi sana mita tatu. Futi kumi za chumba chetu ni mita tatu. Wazee wale waliishi katika upana wetu huu huu, wakaumudu, kwa kuupeleka urembo ukutani, kuta kuzipaka chokaa ili mwanga mdogo unaoingia kutoka kiwandani urudi na kuenea, na sakafu kuiachia watu. Kumbe picha zetu 24 za sakafu wazi na 22 za ukuta mweupe hazikuwa mambo mawili. Yalikuwa ni jambo moja, na mama mkwe alilieleza kwa mfano wa leso: pindo pande zote nne, na mji katikati umeachiwa nafasi yake. Sakafu hiyo ndiyo tunayotandikia msala mara tano kwa siku. Kila magharibi tulikuwa tukiisukuma meza ili tupate pa kusujudu, na hatukuwahi kufikiri kwamba meza ndiyo iliyozidi.

Kujua unachopenda si sawa na kukiweza. Kuna vitu ambavyo hakuna mpiga picha anayevipiga: madumu ya maji ya lita 20, jiko, beseni, masanduku ya nguo. Tuliviandika vyote kwenye karatasi, vikawa 19, na kila kimoja tukakitafutia makazi kabla ya kugusa rangi. Kitanda tulikiinua kwa matofali hadi masanduku na beseni zikaingia chini yake, kisha tukateremsha pazia moja la kitambaa kizito kutoka ukuta hadi ukuta, jeupe, lisilo na maua, likatenga nusu ya kulala. Madumu na jiko vilipewa pembe nyuma ya mlango. Anayeruka hatua hii, chumba chake hupendeza siku ya kwanza tu.

Ukuta tuliujaribu kwanza. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tulipaka chokaa eneo la mkono mmoja kwa mkono mmoja karibu na dirisha, na jingine kama hilo pembeni penye giza, tukayatazama wiki nzima, asubuhi, adhuhuri na usiku. Mchana yalipendeza. Usiku, chini ya balbu yetu ya mwanga mkali, yaligeuka samawati kama ukuta wa zahanati. Chokaa haikuwa na kosa. Tulibadili balbu, tukatia yenye mwanga wa manjano, na ule weupe ukawa wa maziwa kama katika picha. Lau tungepaka chumba kizima kabla ya kujaribu, tungeilaumu rangi na kununua nyingine.

Hata hivyo tulipopaka chumba kizima tulikosea. Kwa haraka ya kumaliza, tulichanganya chokaa nzito kama uji na kuipaka juu ya ukuta mkavu mara moja. Ilipokauka ikawa yatoa vumbi, na kila aliyeegemea aliinuka na mgongo mweupe kwenye buibui lake. Ilitubidi kuikwangua kwa brashi ngumu na kuanza upya: ukuta ukarowanishwa maji kwanza, chokaa ikalainishwa mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, ikatiwa chumvi kidogo ya kuishikiza, ikapakwa mara tatu nyembamba, siku moja baina ya kila mkono. Dalili ya kuwa imeshika ni kuupitisha mkono mkavu ukutani na kuutazama: ukitoka na unga mwingi, bado. Na anayepaka ajifunike macho na mikono, maana chokaa huunguza.

Zidaka hatukuweza kuzichonga, ukuta wa udongo haukubali. Fundi wa mbao alitutengenezea kabati wazi lenye matundu tisa, matatu kwa matatu, kila tundu futi moja, kina chake inchi sita tu ili lisile sakafu. Tulimwomba alipe miguu lisimame lenyewe, kwa kuwa msumari katika udongo haudumu. Kwa juu akalifunga kwenye nguzo ya ukuta, aliyoitafuta kwa kugongagonga mpaka aliposikia mlio mzito. Kosa la hapa ni kuyajaza matundu yote. Picha zetu zilionyesha kitu kimoja katika kila tundu, na mengine matupu. Tuliweka chetezo, birika la kahawa, vitabu, na mabakuli mawili ya mama mkwe. Matundu manne tuliyaacha. Ukuta wa mkabala tulitundika kawa tatu tulizozinunua kwa jirani yetu yule.

Makochi ya zamani tuliyatoa pamoja na meza. Mahali pake tulitandika mikeka miwili mikubwa na matakia sita, yote rangi ya komamanga. Kiti kimoja kilibaki, kwa kuwa magoti ya mama mkwe hayamruhusu kukaa chini, na hakuna picha yenye haki ya kumkalisha mzee pasipomfaa. Kiti hicho kilivalishwa kitambaa kipya badala ya kufichwa. Katika vitambaa vile 14, mama mkwe mwenyewe alichagua viwili alivyovipenda kwa kazi yake, akavitandika katika matundu chini ya mabakuli. Vingine aliviosha, akavikunja, akaviweka sandukuni.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: kabati na fundi, shilingi 4,500, mikeka, 2,400, matakia na vitambaa, 3,200, chokaa, brashi na balbu, 1,200. Jumla 11,300, kawa tukiwa tumelipia kwa kumshonea jirani mapazia. Katika zile 24,000 zilibaki 12,700, zikaingia katika gharama za arusi.

Wageni walikuja Jumamosi ya pili baada ya Idi. Walikuwa tisa. Katika makochi ya seti tuliyokusudia wangekaa watano, na wengine wangesimama mlangoni. Juu ya mikeka walienea wote, sinia ikapita katikati, na ilipoingia alasiri hapakuwa na meza ya kusukuma. Posa ilikubaliwa, alhamdulillah. Shangazi wa kijana, alipokuwa akiondoka, aliuliza kabati lile limetoka duka gani.

Limebaki jambo moja. Siku ile ya kuhesabu, nyekundu ya komamanga ilipata picha 15, nasi tukaona ni rangi ya nyumba. Baadaye tulizitazama alama za kalamu na tukagundua kwamba hakuna hata moja kati ya hizo 15 iliyokuwa ya binti yetu. Picha zake zilizobaki zilikuwa 12, na 9 kati yake zilikuwa na rangi ya maji ya bahari, ile ya kijani iliyochanganyika na samawati. Hakusema neno, kwa kuwa alijua haishi nasi sana. Tulipomfungia vyombo vya kwenda navyo kwa mumewe tulitaka kumpa matakia mawili mekundu. Tukayarudisha. Tulizibandua zile picha zake 12 kwa maji ya uvuguvugu, tukazikausha, tukamwekea pamoja na daftari jipya lisiloandikwa, na penseli mbili, moja yake na moja ya mumewe.

Wabillahi tawfiq.